Chaneli Yako Haijalogwa, Shule Zimefunguliwa

Kila mwaka ikifika katikati ya Januari, napokea ujumbe uleule kutoka kwa wasee tofauti. "Buda, YouTube imenikata." "Manze, nimefanyiwa nini? Disemba nilikuwa na watazamaji elfu nne kwa siku, sasa ni mia tisa." Mwingine alinitumia picha ya grafu yake ikishuka kama barabara ya kuteremka mto Thuci, halafu akaandika neno moja tu: "Nimelogwa."

Hujalogwa. Shule zimefunguliwa.

Najua hilo jibu linaonekana jepesi mno. Lakini mimi natengeneza vichekesho vya maisha ya boding hapa Ishiara, na imenichukua miaka miwili na hasara moja ya aibu kulielewa vizuri. Leo nataka kusema jambo moja: kushuka kwa watazamaji si tatizo, ni msimu. Tatizo ni kwamba msimu wa watazamaji na msimu wa pesa havifiki siku moja. Pesa huja imechelewa, na huo mwanya ndio unaotumaliza.

Tuanze na watazamaji.

Kama unatengenezea vijana wa sekondari kontenti, watazamaji wako wengi wanaishi mahali ambapo simu ni marufuku. Mwanafunzi wa boding akipanda matatu mwanzoni mwa Januari, simu yake inabaki nyumbani kwenye droo. Hajakuchukia, ila kwa wiki kumi na tatu hivi hayupo. Atarudi Aprili kwa wiki tatu, apotee tena hadi Agosti, arudi kwa wiki tatu nyingine, halafu apotee hadi mwisho wa Oktoba. Ukiichora grafu yangu ya mwaka mzima, ina vilima vitatu: Aprili, Agosti, na kile kikubwa cha Novemba na Disemba. Katikati ya muhula kuna vijichuguu vya siku tatu nne, wakati wa mapumziko mafupi.

Kile kilima kikubwa cha mwisho wa mwaka wengi hawakijui vizuri, kwa sababu hakipandi mara moja. Kinapanda kwa ngazi mbili. Mwishoni mwa Oktoba madarasa mengine yanafunga, kwa hiyo wadogo wanarudi nyumbani. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Lakini Kidato cha Nne bado wako shuleni wanafanya KCSE, ambayo karatasi zake za kuandika huchukua sehemu kubwa ya Novemba. Mwaka wa 2024, kwa mfano, zilianza tarehe 4 Novemba na kumalizika tarehe 22. Hawa watahiniwa wakimaliza karatasi ya mwisho ndipo ngazi ya pili inakuja, na hiyo ndiyo kubwa. Ni watu waliofungiwa miezi, hawana kazi ya nyumbani, hawana muhula unaowangoja, na wanataka kucheka kuhusu maisha waliyotoka kuyaacha juzi tu.

Mwaka wa 2023 sikujua hilo. Nilikuwa na video moja nzuri sana, ya mtahiniwa anayejifanya mgonjwa usiku wa kuamkia karatasi ya hesabu. Niliifanya na marafiki wanne, siku nzima, jua la Ishiara likituchoma mpaka mmoja wetu akatoka damu puani. Niliipakia wiki ya kwanza ya mtihani nikidhani kwamba kwa kuwa watu wanaongea kuhusu mtihani, wataitazama. Ikalala. Watu walioihitaji walikuwa ndani ya ukumbi wa mtihani, na walionyumbani walikuwa watoto wa darasa za chini wasiojua uchungu wa KCSE. Walipotoka, video ilikuwa tayari ina wiki tatu na imeshazikwa chini ya nyingine. Ningengoja hadi jioni ya karatasi ya mwisho.

Sasa swali gumu: utajuaje kama kushuka kwako ni msimu au ni wewe umeanza kuboesha? Kwa sababu hilo nalo linawezekana, tusidanganyane.

Mimi natumia video ya zamani kama kipimajoto. Chagua video yako moja yenye zaidi ya mwaka, ile inayopata watazamaji kidogokidogo kila siku bila wewe kuigusa. Fungua YouTube Studio, ingia Analytics ya hiyo video peke yake, uangalie siku tisini. Hiyo video haijabadilika. Kichwa ni kilekile, picha ni ileile, utani ni uleule. Kwa hiyo ikishuka nusu ndani ya wiki moja ambayo chaneli nzima imeshuka nusu, aliyebadilika si wewe. Watu wametoka chumbani. Lakini kama ile ya zamani imesimama palepale na hizi mpya ndizo zinazoanguka, hapo kaka, dada, kaa chini utazame kazi yako tena.

Kuna kipimo cha pili. Angalia mara ambazo YouTube imeonyesha watu picha ya video yako, pale pameandikwa Impressions, kisha uangalie asilimia ya waliobofya. Mara za kuonyeshwa zikipungua lakini asilimia ya kubofya ikabaki ileile, maana yake watu ni wachache ila waliopo bado wanakupenda. Mara za kuonyeshwa zikibaki juu na asilimia ikashuka, basi wako pale, wanaona picha yako, wanapita. Huo si msimu.

Na tafadhali usilinganishe Januari na Disemba. Linganisha wiki ya pili ya muhula wa kwanza mwaka huu na wiki ya pili ya muhula wa kwanza mwaka jana. Toa ile video moja iliyolipuka, kwa sababu kwenye chaneli ndogo video moja inaweza kudanganya mwezi mzima. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba Januari yangu "mbaya" ya 2025 ilikuwa bora kuliko Januari ya 2024 karibu mara mbili. Nilikuwa nakua huku nikilia.

Sasa tuje kwa mwezi mtukufu.

Ishiara si mji wa Waislamu wengi. Nilikua nikijua Kwaresima, ambayo nyumbani inamaanisha Ijumaa bila nyama na shangazi ameacha soda. Ramadhani kwangu ilikuwa habari ya kwenye runinga. Lakini kwa sababu video zangu ni za Kiswahili wala si za Kimbeere, nikachungulia ramani ya watazamaji nikakuta Mombasa, Kilifi, Lamu, Garissa, halafu Dar na Zanzibar. Karibu robo ya watu wangu. Na mimi kwa ujinga wangu, siku ya pili ya mfungo, saa saba mchana, nikapakia video ya dakika sita ya vijana wa boding wanaochoma mbuzi waliyemwiba. Mafuta yanadondoka, mtu analamba vidole, kila kitu. Maoni ya kwanza yalitoka kwa dada mmoja wa Mombasa: "Ndugu yangu, tuhurumie basi hadi magharibi." Watu mia na kitu wakaipenda hiyo komenti kuliko walivyoipenda video.

Nilichojifunza ni kwamba Ramadhani haipunguzi watazamaji kama shule inavyofanya. Inawahamisha saa. Ndani ya Studio, kwenye ukurasa wa Audience, kuna mchoro unaoitwa "When your viewers are on YouTube". Una viboksi vya zambarau, na vyeusi zaidi ndivyo saa zenye watu wengi, kwa siku ishirini na nane zilizopita. Kawaida saa yangu nzuri ni saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Wakati wa mfungo, kwa hao wa pwani, saa kumi na mbili na nusu ndipo watu wanafuturu, halafu kuna sala, halafu tarawehe. Hakuna mtu ameshika simu kukutazama wewe. Wanarudi kuanzia saa nne usiku, na wengine wako macho hadi daku. Kwa hiyo video zangu za mwezi huo zinatoka saa nne usiku, na vichekesho vya chakula vinasubiri.

Shida ya huo mchoro ni kwamba unaangalia nyuma. Ukingoja ukuonyeshe kwamba saa zimehama, wiki mbili za mfungo zimeshapita. Lazima ujue mapema kutoka kwa kalenda.

Na hapo kwa kalenda ndipo nilijikwaa tena. Mwaka wa 2024 mfungo ulianza karibu na tarehe 12 Machi. Nikaandika kwenye daftari langu: "Ramadhani, kuanzia 12/3, badilisha saa." Nikajiona mjanja. Mwaka wa 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi, mimi bado nangojea tarehe 12. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka mfungo unarudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja kwenye kalenda yetu ya ukutani. Mwaka huu wa 2026 unaanza karibu tarehe 18 au 19 Februari, kutegemea mwezi kuandama, na Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari. Yaani shangazi anaacha soda na pwani wanaanza kufunga karibu siku moja. Likizo za shule unaweza kuzipanga kwa kunakili mwaka jana na kurekebisha siku chache. Ramadhani huwezi. Kila mwaka inaangukia sehemu nyingine ya muhula. Mwaka jana Idi ilikuja siku chache tu kabla ya shule kufungwa, vitu viwili vizuri vikafuatana. Mwaka huu Idi inakuja karibu tarehe 20 Machi, wanafunzi wa boding bado wako ndani wiki mbili hivi. Kwa hiyo usitarajie Idi ya mwaka huu ikupe kilichokupa cha mwaka jana.

Basi, watazamaji tumemaliza. Sasa doo. Hapa ndipo palipoumiza.

YouTube hailipi siku unayotazamwa. Mapato ya mwezi yanafungwa, yanaingia kwenye akaunti ya AdSense kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata, halafu yanatumwa kati ya tarehe 21 na 26, benki ikate chake. Na hayatumwi kama salio halijafika dola 100. Likipungua hata dola moja, linasubiri mwezi ujao.

Soma tena hiyo sentensi ya dola 100, kwa sababu ndiyo iliyonitia kitanzi.

Hizi ni namba zangu, kutoka Disemba 2024 hadi Aprili 2025. Disemba nilipata dola 212. Januari 68. Februari 47. Machi 52. Aprili, likizo, 118. Januari ilianguka mara mbili kwa pamoja: watazamaji walienda shule, na pia bei ya matangazo ikashuka. Kampuni humwaga pesa za matangazo kuelekea Krismasi, halafu Januari bajeti zinaanza upya polepole. Kwa hiyo hata watazamaji elfu moja wa Januari hawaleti kile walicholeta elfu moja wa Disemba. Unaweza kuiona hiyo kwenye RPM yako, ndiyo pesa unayobaki nayo kwa kila watazamaji elfu.

Sasa angalia pesa ilivyofika mkononi. Mwisho wa Januari nilipokea zile dola 212 za Disemba, kama shilingi elfu ishirini na saba na mia tatu kwa kiwango cha 129. Nikajiona bosi. Fikiria hiyo hali: chaneli inakufa, lakini simu inalia kwamba pesa imeingia, kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Akili inaamini pesa, haiamini grafu. Nikanunua simu ya mkono wa pili yenye kamera nzuri, elfu kumi na nane na mia tano. Nikanunua maiki ndogo. Nikawanunulia wasee wangu wa kuigiza chipsi na kuku. Na nikamwambia mama, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba karo iliyobaki ya dada yangu mdogo, elfu sita, asihangaike nayo. Nitailipa Februari, pesa ikiingia.

Februari haikuingia. Januari ilikuwa dola 68, chini ya 100, kwa hiyo ikakaa. Sikuwa nimewahi kukosa malipo tangu nianze kulipwa, kwa hiyo tarehe 26 nilikuwa bado naangalia simu kila saa nikidhani benki imechelewa. Lakini kabla hata ya hiyo tarehe, katikati ya mwezi, mtazamaji mmoja aliongezeka nyumbani kwetu. Alikuwa dada yangu, amerudishwa kwa sababu ya karo. Alikaa siku nne. Hakunilaumu. Alikaa kwenye kiti, akaomba simu yangu mpya, akatazama video zangu zote. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mama aliuza ndengu. Kwa asiyetoka Mbeere: ndengu hupandwa na mvua ya Oktoba na Novemba, zinavunwa kuanzia Januari. Februari kila mtu hapa Ishiara ana gunia la kuuza, na kwa sababu kila mtu anauza, wanunuzi ndio wanaotaja bei. Mama hushikilia zake. Anazihifadhi hadi watu wengine wamalizike, ndipo auze. Mwaka huo aliuza wakati mbaya, kwa bei mbaya, kwa sababu yangu. Akaniambia kitu kimoja tu wakati tunapima: "Wewe umekula mavuno yote siku ya kuvuna."

Na alikuwa na haki. Mji huu wote unaishi kwa misimu. Mwenye maembe anajua ana miezi michache ya pesa halafu mti unabaki majani. Mwenye mbuzi anajua kiangazi kikikaza bei inaanguka. Hakuna mtu anayepigia mti wa mwembe simu mwezi wa Juni kuuliza kwa nini umemkata. Ni sisi tu wa mtandaoni tunadhani kila mwezi ni mwezi.

Malipo yaliyofuata yalikuja mwisho wa Machi: Januari na Februari kwa pamoja, dola 115, kama elfu kumi na nne na mia nane. Aprili hakuna kitu, kwa sababu Machi ilikuwa 52. Mwisho wa Mei zikaja Machi na Aprili pamoja, dola 170, kama elfu ishirini na moja na mia tisa. Mapato ya miezi mitano, malipo matatu.

Sasa nionyeshe ningefanya nini kwa pesa hizohizo, bila hata shilingi moja zaidi. Jumla ni kama elfu sitini na nne. Ukigawa kwa miezi mitano ni elfu kumi na mbili na kitu. Mimi nisingejilipa zote, ningejilipa elfu tisa kila tarehe 26, kama mshahara. Mwisho wa Januari: napokea 27,300, najilipa 9,000, zinabaki 18,300. Mwisho wa Februari hakuna kilichoingia, najilipa 9,000, zinabaki 9,300. Machi zinaingia 14,800, najilipa, zinabaki 15,100. Aprili hakuna, najilipa, zinabaki 6,100. Mei zinaingia 21,900, najilipa, zinabaki 19,000. Karo ya dada ingelipwa Januari ileile, kutoka kwenye mshahara wa kwanza. Na ningeendelea na muhula wa pili, ule mrefu wa baridi usio na watazamaji, nikiwa na elfu kumi na tisa mfukoni. Simu ningeinunua mwisho wa Septemba, kwa pesa ya Agosti.

Ndivyo ninavyofanya sasa. Pesa ikiingia natoa mshahara, inayobaki naifunga kwenye akiba ya M-Shwari ya kufungwa, kwa sababu nikiiona naila. Sheria yangu ni moja: malipo siyagawi kwa ukubwa wake, nayagawa kwa miezi iliyopo hadi malipo mengine. Na hayo mengine nayakadiria kutoka kwa namba za mwaka jana, si kutoka kwa matumaini.

Upande wa kupakia nao ulibidi nibadilishe. Wale wa ng'ambo wanatuhubiria kila siku: pakia bila kukosa, kila siku, usipumzike. Mimi nasema huo ni ushauri wa watu ambao watazamaji wao hawanyang'anywi simu. Ukimwaga video yako bora mwezi wa Juni, umepanda kwenye vumbi.

Lakini kungoja likizo nako kuna mtego ambao kwangu ni mkali. Waigizaji wangu watatu ni wanafunzi wa boding. Wako nyumbani siku zilezile ambazo watazamaji wako nyumbani. Kwa hiyo likizo ikifika nataka kurekodi kila siku na pia kupakia kila siku, na siwezi vyote kwa kichwa kimoja. Agosti iliyopita tulipanga hivi: wiki tatu, tukarekodi klipu kumi na nne, mbili kwa siku moja, siku saba tu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Tunavaa sweta isiyo na nembo ya shule yoyote, hiyo usisahau, utaitwa ofisini. Sita nikazipakia Agosti hiyohiyo. Nane nikaziweka. Kati ya hizo nane, tatu zikatoka Septemba na Oktoba, polepole, na tano nikazihifadhi kwa wiki baada ya karatasi ya mwisho ya KCSE. Niliziweka kwa Schedule mapema, kwa sababu nilijua Disemba mji utajaa watu waliorudi kutoka Nairobi na intaneti itakuwa inatambaa.

Na muhula ukiwa umekolea sinyamazi kabisa. Nabaki na video moja kwa wiki, fupi, ninayoweza kufanya peke yangu, kwa ajili ya wale wasio shuleni: wa chuo, wa boda, wa dukani, wa pwani. Mtu ameniuliza kama chaneli haitasahaulika. Ile yangu haikusahaulika. Mwanafunzi aliyetoka boding anafungua simu na kukutafuta kwa jina. Anachotaka ni akukute una kitu kipya siku hiyo.

Sasa ni mwanzo wa Februari. Pesa ya Disemba imekufikia wiki hii au iliyopita, na grafu yako iko chini. Najua unataka kununua taa ya kurekodia, na najua unataka kufuta chaneli, vyote kwa siku moja. Usifanye hata kimoja. Fungua AdSense uone Januari ilikuwa dola ngapi. Kama haifiki 100, hesabu vidole: hakuna kitu hadi mwisho wa Machi. Halafu angalia nani nyumbani anangoja karo.

Ya dada yangu ya muhula huu nimelipa tarehe 27 Januari. Mama bado ana ndengu zake, magunia mawili, ukutani. Amesema atauza Mei.